Ahadi milioni 13, mkononi milioni 2 na nusu: mweka hazina wa kamati ya harusi anauliza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yangu, hapa Makorora, Tanga. Zimebaki siku 24. Watu 118 wameahidi jumla ya shilingi 13,400,000, na bajeti yetu ni 12,580,000. Kwenye daftari nimeandika michango 7,150,000 na matumizi 4,380,000, kwa hiyo natakiwa niwe na 2,770,000. Nikihesabu, laini ya kamati ina 2,310,000 na taslimu nina 340,000. Shilingi 120,000 sizioni, na sijagusa hata senti.

Kwenye kundi la WhatsApp kuna dada wa Pongwe anasema alituma 60,000 kupitia kwa wakala na hayumo kwenye orodha. Tangu hapo maneno yameanza kwamba pesa za harusi zinaliwa. Mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu na ni mkubwa kwangu, anataka tubandike majina ya wote wasiolipa. Wifi, mama wa bwana harusi, hataki kabisa, anasema ni kuaibisha watu. Halafu shemeji anasema ahadi zimezidi bajeti kwa zaidi ya laki nane, basi tulete kikundi cha taarabu cha 800,000. Mimi usingizi sina. Nimekutumia picha za kurasa zote za daftari. Nifanyeje?

Mweka hazina, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Nimezipitia kurasa zako zote, na nakuomba kwanza usifanye jambo moja ambalo waweka hazina wengi hulifanya wakiona pengo: usitoe pesa yako mfukoni kuliziba. Ukiziba leo, utakuwa umefuta alama ya mahali kosa lilipo, na wiki ijayo pengo jingine likitokea hutajua lipi ni lipya na lipi la zamani. Acha daftari lionyeshe upungufu, tuutafute.

Ukurasa wako wa nne una mjomba wa Mombo. Aliahidi 150,000, akaja na gunia la mchele la kilo 50. Ukauthamini kwa 3,000 kilo, ukaandika 150,000 kwenye safu ya michango pamoja na pesa za wengine. Mjomba ametimiza ahadi yake na hadaiwi, hilo ni sawa. Lakini mchele uko stoo kwa wifi, hauko kwenye simu, na wewe ukijumlisha unategemea kuukuta kwenye simu. Utoe kwenye safu ya pesa, uuandike kwenye ukurasa wake wa michango ya vitu: nani, kitu gani, kiasi gani, kimehifadhiwa wapi. Pesa uliyopokea inashuka kutoka 7,150,000 hadi 7,000,000. Ajabu yake, sasa natakiwa nikukute na 2,620,000, na wewe una 2,650,000. Pengo limegeuka ziada ya 30,000.

Ziada nayo usiifurahie, maana inasema kuna pesa imeingia na haijaandikwa. Hapo ndipo anapokuja dada wa Pongwe. Mtu akimpa wakala taslimu ili amtumie, ujumbe unaofika kwako unabeba jina la wakala au la duka lake, haubebi jina la aliyechanga. Wewe uliona jina usilolijua, ukaacha ukisubiri mtu ajitokeze, kisha ujumbe ukazama chini ya mingine. Mwombe tarehe na saa aliyotuma, na kama wakala alimwonyesha ujumbe wa kuthibitisha, akupe namba ya muamala. Kisha pitia jumbe za siku hiyo. Ukiukuta, pesa iliyopokelewa inakuwa 7,060,000.

Sasa hesabu inataka uwe na 2,680,000, na zilizopo ni 2,650,000. Pungufu 30,000. Hizi nadhani najua ziliko, kwa sababu kwenye safu yako ya matumizi sikuona popote makato ya kutoa pesa wala ya kutuma. Umekuwa ukitoa kidogo kidogo kwa wakala, leo laki moja, keshokutwa laki na nusu, na kila mara mtandao unakata chake. Kila ujumbe wa kutoa unaonyesha makato yake. Kaa chini uyajumlishe yote. Yakifika 30,000, umemaliza: matumizi yako ni 4,410,000, na salio 2,650,000 limekubaliana na simu pamoja na mkoba. Yakiwa 18,000 tu, basi bado kuna 12,000 ya kutafuta, usiiandike "makato" ili tu hesabu ifunge.

Umeona jinsi mambo matatu yalivyofichana? Mchele ulizidisha michango, pesa ya Pongwe ikaipunguza, makato yakapunguza salio, na mwisho ukaona tarakimu moja tu ya 120,000 isiyofanana na lolote kati ya hayo. Ndiyo maana hulali. Mweka hazina anayelinganisha daftari na simu mara moja kwa mwezi hukutana na fumbo la namna hii. Anayelinganisha kila usiku aliopokea au kulipa chochote hukutana na kosa moja, la siku hiyo hiyo, na bado analikumbuka. Tangu leo, kabla hujalala: salio la jana, ongeza zilizoingia leo, toa zilizotoka pamoja na makato, kisha angalia simu na uhesabu taslimu.

Kuna waungwana wanaoongeza ya kutolea, aliyeahidi 50,000 anatuma 51,500. Andika 51,500 yote kuwa imeingia, kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye simu, na kwenye ukurasa wa ahadi zake andika amemaliza 50,000. Ile 1,500 inakaa mstari wake, "ya kutolea", na itakusaidia kufidia makato. Na ukiweza, punguza kutoa taslimu. Mpambaji, mpishi na mpiga picha walipe moja kwa moja kutoka laini ya kamati. Unakwepa makato ya wakala, na ujumbe wenye jina la aliyelipwa unabaki kuwa ushahidi.

Tukija kwenye taarabu, ndipo penye hatari kubwa kuliko hiyo laki na ishirini.

Daftari lako lina safu tatu: ahadi, malipo, matumizi. Inakosekana ya nne, nayo ni madeni, yaani pesa mlizokwisha kujifunga kulipa ila bado hazijatoka. Kamati nyingi za harusi huiruka safu hii, halafu wiki ya mwisho wanashangaa pesa zimekwenda wapi. Mmeandika "ukumbi 800,000" kwenye matumizi kana kwamba ukumbi umekwisha, kumbe ni utangulizi wa 1,600,000. Nimeipitia mikataba uliyoipiga picha na kuandika kilichobaki kwa kila mmoja. Ukumbi 800,000. Mapambo mmelipa 700,000 kati ya 1,500,000, yamebaki 800,000. Mpishi wa ukumbini ana sahani 250 kwa 12,000, yaani 3,000,000, na mmempa 1,000,000, anadai 2,000,000. Mshereheshaji na muziki 500,000. Picha na video 600,000. Kadi na mavazi ya bwana harusi vimelipwa vyote. Jumla ya madeni ni 4,700,000.

Mna 2,650,000 na mnadaiwa 4,700,000. Hapo hata soda moja hamjanunua.

Bado kuna vile ambavyo hamjaanza kuvishughulikia: vinywaji 1,200,000, keki 400,000, magari 500,000 na walima wa nyumbani 1,400,000. Kwenye walima ule mchele wa Mombo unafanya kazi yake, kwa sababu bajeti ilikuwa na mchele wa kununua. Toa 150,000, ibaki 1,250,000. (Kama mjomba angeleta kitu kisichokuwa kwenye bajeti, tuseme mazulia, mngeshukuru na kuandika, lakini msingepunguza popote.) Jumla ya vilivyobaki kuanza ni 3,350,000. Ukiongeza madeni, kuanzia leo hadi siku ya harusi zinahitajika 8,050,000. Toa mlizonazo, lazima ziingie 5,400,000 nyingine.

Je, ahadi zilizobaki zinatosha? Zilizotimizwa ni pesa 7,060,000 na mchele wa 150,000, jumla 7,210,000. Kwa hiyo ahadi ambazo hazijalipwa ni 6,190,000. Shemeji akiangalia hapo ataona zinatosha na kubaki. Ila tazama zina maana gani: kati ya kila 100,000 iliyobaki kwa watu, lazima zije 87,000, tena kutoka kwa watu ambao miezi yote hii hawajatoa. Waliokuwa wepesi wa kulipa wameshalipa.

Usizichukue ahadi zote kwa uzito mmoja. Zigawe. Kwenye orodha yako kuna watu 41 ambao hawajatoa hata shilingi, na ahadi zao ni 3,600,000. Waliobaki, ambao wametoa sehemu na wanamalizia, wanadaiwa 2,590,000. Hawa waliokwisha kuanza mimi huwahesabu kamili, maana mtu aliyetoa 50,000 kati ya laki mara nyingi anangoja mshahara au mauzo tu, na hataki kadi yake ya dabo igeuke singo. Wale 41 huwahesabu nusu. Si kwamba ni watu wabaya. Wengine waliahidi kwa sababu walikuwa kwenye kikao na kalamu ikawafikia, wengine wamefiwa, wengine wana kamati nyingine tatu mwezi huu huu. Nusu yao ni 1,800,000. Kwa hesabu hii zitakuja 4,390,000, na zinahitajika 5,400,000. Mna upungufu wa 1,010,000, na taarabu ya 800,000 inaufikisha 1,810,000.

Upungufu huu mkiuona leo, siku 24 kabla, ni kazi ya jioni moja. Ukionekana siku mbili kabla, kaka yako ataingia kwenye mkopo wa riba au atauza kitu cha nyumbani.

Anza na sahani, kwa sababu ndizo zinazofuata watu. Mliagiza 250 mkihesabu kila aliyeahidi. Kwa kadi mlizowapangia, wale 41 wana viti 60. Kama nusu yao hawatalipa, kuna viti 30 vya watu ambao hata kadi hawatapewa. Kila kiti kina chakula cha 12,000 na kinywaji cha 4,800, maana vinywaji vyenu ni 1,200,000 kwa watu 250. Viti 30 ni 504,000. Shusha idadi iwe 220, na umwombe mpishi nafasi ya kuongeza iwapo watu watalipa. Hilo halina wasiwasi, kwani anayelipa singo ya 50,000 anakuja na pesa ya sahani yake na zaidi. Kwenye magari, waombeni ndugu wenye magari na kamati ilipe mafuta 150,000, mnaokoa 350,000. Keki ya 240,000 inatosha kukatwa na kulishana, mnaokoa 160,000. Jumla ya mlichookoa ni 1,014,000, na upungufu umezibwa bila kuvunja mkataba wowote.

Mapambo usiyaguse. Najua ndiyo mstari wa kwanza watu kuuangalia, ila mmeshalipa karibu nusu na mpambaji ameshanunua vitambaa. Mkibadilisha sasa atawashushia kazi kuliko atakavyowashushia bei.

Kuhusu shemeji, usimjibu kwenye kundi. Yeye ni mwenyekiti na ni mkubwa wako, na mtu akipingwa mbele ya watu 118 hushikilia neno lake hata akiona ukweli. Mwendee nyumbani baada ya Isha, na katibu akiwepo, mkiwa na karatasi moja yenye mistari mitano: tulizonazo, tunazodaiwa, ambavyo hatujaanza, ahadi zilizobaki, na kiasi tunachotegemea kwa kweli. Mwache asome mwenyewe. Kisha mpe njia: taarabu iandikwe kwenye orodha ya "pakiwa na nafasi", na siku kumi kabla ya harusi, kama zilizoingia zimelipa madeni yote na vilivyobaki kuanza, kikundi kiitwe. Tanga bila taarabu harusini ni jambo la kusikitisha, hilo namuunga mkono kwa moyo wote. Lakini kikundi kiitwe kwa pesa iliyoko kwenye simu. Akikubali, tangazo la kupunguza bajeti alitoe yeye, si wewe.

Sasa yale maneno ya kundini. Watu hawasemi pesa zinaliwa kwa sababu wana ushahidi. Wanasema kwa sababu hawajaona hesabu tangu waanze kutoa, wanaona orodha ya majina tu. Na orodha yenyewe, nimeitazama, ina ugonjwa ninaoujua sana. Mmeruhusu kila anayelipa aikopi, aongeze jina lake na kuibandika upya. Watu wawili wakikopi kwa wakati mmoja, kila mmoja anabandika orodha isiyo na mwenzake, na wa tatu anaendeleza ile aliyoikuta chini. Majina ya watu waliolipa yanapotea hivyo hivyo, bila mtu kufuta kitu. Simamisha jambo hilo leo. Daftari lako ndilo mama, na taarifa ya kundini inatoka kwako tu, ikiwa na namba na tarehe, ili taarifa namba 6 isichanganywe na namba 5.

Katika ubishi wa wifi na mwenyekiti, mimi niko na wifi, na sababu yangu ni ya hesabu pia. Mtu aliyeaibishwa kundini hujitoa kwenye kundi, na akijitoa, ahadi yake nayo imetoka. Lakini wifi asichukulie kwamba kuficha majina ni kuficha hesabu. Mpe kila mchangiaji namba, kuanzia 001 hadi 118, umtumie yake faragha. Kwenye taarifa weka namba na kiasi kilichopokelewa. Kila mtu anaitafuta namba yake na kuona kama 50,000 yake imefika. Kama haimo, anakupigia siku hiyo hiyo, si baada ya wiki tatu kama dada wa Pongwe. Majina kamili yanabaki kwa kamati. Namba inasaidia pia kwa kuwa kwenye daftari lako nimewaona akina Mwanaidi watatu, na wawili kati yao hawana jina la pili.

Baada ya orodha ya namba, taarifa ya Ijumaa hii iwe na mistari hii, ukishahakikisha ile 60,000 na yale makato:

Ahadi zote: 13,400,000
Pesa iliyopokelewa: 7,060,000
Michango ya vitu: mchele kilo 50 (ahadi ya 150,000 imetimia)
Ahadi ambazo bado: 6,190,000
Matumizi hadi leo, pamoja na makato ya simu: 4,410,000
Salio: 2,650,000
Tunachodaiwa na watoa huduma: 4,700,000

Mstari wa mwisho ndio utakaokufanyia kazi ya kukumbusha. Anayesoma kwamba kamati ina milioni mbili na nusu na inadaiwa karibu milioni tano haulizi tena pesa zimekwenda wapi, na anaelewa kwa nini anaombwa amalizie. Chini yake orodhesha matumizi, kila moja na aliyelipwa: ukumbi, mapambo, mpishi, kadi, na kadhalika. Taarifa hii ya kwanza ieleze wazi masahihisho: kwamba mchele ulikuwa umehesabiwa kama pesa, kwamba 60,000 ya mchangiaji mmoja ilikuwa imefika bila kuandikwa, na kwamba makato ya simu hayakuwa yameandikwa. Kisha mtaje dada wa Pongwe kwa namba yake na umshukuru, kwani bila yeye kusema msingeigundua.

Wale 41 wapigiwe, wasiandikiwe. Wagawane wajumbe wa kamati kwa ujirani na udugu: wa Ngamiani apigiwe na wa Ngamiani, wa ukoo wa Muheza apigiwe na mtu wa ukoo huo. Swali liwe moja: "Tukuweke tarehe ngapi?" Anayetaja tarehe iandikwe mbele ya namba yake. Anayesema hali imekuwa ngumu aruhusiwe kupunguza ahadi palepale, kutoka laki hadi elfu thelathini, na ahadi mpya iandikwe. Kwako wewe, elfu thelathini ya kweli ni bora kuliko laki ya kwenye karatasi, kwa sababu unaweza kupanga nayo. Kwa simu hizo utajua kama ile nusu yangu ilikuwa kubwa au ndogo, na utairekebisha kwa mnayoyasikia.

Limebaki la kukulinda wewe. Laini ni ya kamati lakini imesajiliwa kwa jina lako, na taslimu iko kwako, hivyo neno lolote litakalosemwa litakuangukia. Kila Ijumaa kabla ya kutuma taarifa, kaa na katibu na mtu mmoja wa upande wa bibi harusi au mzee wa mtaa mnayeaminiana naye. Wafungulie simu waone salio, wahesabu taslimu kwa mikono yao, kisha wote watatu muweke saini kwenye daftari chini ya tarehe. Picha ya salio usiibandike kundini, kwani kundi la watu zaidi ya mia lina masikio ya watu msiowajua na matapeli wanapenda kujua laini gani ina pesa. Namba ya siri ni yako peke yako, hata mwenyekiti asiipate. Akitaka malipo yafanyike, aandike kwenye daftari kiasi, kazi na mlipwaji, aweke saini, wewe ulipe. Na taslimu ya 340,000 ni nyingi kukaa nayo nyumbani. Bakiza elfu hamsini ya mambo madogo, nyingine irudishe kwenye laini.

Ukumbi wakupe risiti ya mashine ya TRA, na uidai bila haya. Mpambaji na mshereheshaji mara nyingi hawana, basi waandikie wewe: tarehe, kiasi, cha nini, kilichobaki, jina, namba ya simu, saini zenu wawili, halafu piga picha. Zipo pesa zisizokuwa na risiti kabisa, kama bodaboda aliyepeleka kadi Chumbageni au vijana waliobeba viti. Ziwekee ukurasa mmoja, kila mstari usainiwe na aliyetumwa. Kwenye ukurasa wako wa saba kuna "mengineyo 45,000" ndani ya gharama za kadi. Ivunje leo, maana mwenye nia ya kukusema ataanzia hapo.

Watu watauliza kwa nini msibani hatupati shida hizi. Pale rambirambi inaandikwa ikitolewa na kusomwa mbele ya watu kabla ya kutawanyika. Hakuna ahadi ya kungoja. Harusi ina ahadi na ina madeni, ndiyo maana inataka safu nne.

Harusi ikipita, itisheni kikao cha kuvunja kamati ndani ya wiki mbili, wakati risiti bado ziko na watu bado wana hamu ya kusikia. Taarifa ya mwisho iwe na umbo hilo hilo la kila Ijumaa, ila mstari wa madeni usome sifuri. Kama kuna salio, amueni sasa hivi, kabla hamjajua ni kiasi gani, kwamba litakwenda kwa maharusi au popote mtakapokubaliana, muandike kwenye kumbukumbu za kikao. Na michango itakayochelewa, ambayo haitakosa, ielekezwe kwa nani, kwa sababu wewe laini hiyo utaifunga.

Lakini hayo ya mbele. Kesho asubuhi mpigie dada wa Pongwe umuulize tarehe na saa. Halafu mpigie mpishi umuulize siku ya mwisho ya kubadilisha idadi ya sahani. Mkataba wake ulionipigia picha unasema ni siku 14 kabla ya shughuli, hivyo una siku kumi za kuwapata wale 41 kwenye simu.